Nina mimba ya wiki 28 na daktari ameniandikia mapumziko: je, nianze likizo ya uzazi sasa?

Dada mshauri, shikamoo.

Nina mimba ya wiki 28. Ni ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 11, kwa hiyo hii nimeibeba kwa hofu tangu siku niliyoijua. Mwezi uliopita nikiwa kazini nilihisi majimaji, nikaenda chooni nikakuta damu nyekundu, bila maumivu yoyote. Nililazwa siku 3. Ultrasaundi ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini na limefunika mlango wa kizazi. Wiki iliyopita damu ikatoka tena, kidogo. Daktari akaniandikia barua: "Apewe mapumziko ya kitandani." Kwa mdomo akaniambia kwamba hali ikibaki hivi nitajifungua kwa upasuaji karibu na wiki ya 37.

Mimi ni karani wa ghala. Kutwa nasimama, napanda ngazi za rafu, napokea mzigo na kuhesabu katoni. Wenzangu hunisaidia kunyanyua, lakini siku magari mawili yakiingia kwa pamoja kila mtu anashika lake.

Nilimpelekea msimamizi barua. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Mimba si ugonjwa. Wangapi hapa wamefanya kazi mpaka wiki ya mwisho?" Akanielekeza kwa afisa utumishi. Huyo alinipokea vizuri, akasema jambo ni rahisi: nianze likizo ya uzazi sasa, badala ya wiki ya 36 niliyokuwa nimeomba. Likizo yetu ni wiki 14 zenye mshahara kamili. Amenipa fomu na anaitaka Ijumaa ikiwa na saini.

Mume wangu anasema niache kazi kabisa, kazi nyingine zitapatikana. Mimi nikilala nawaza kazi, nikiwa kazini naogopa kila nikienda chooni. Nahisi ni mimi niliyelishusha kondo kwa kubeba mizigo miezi ya mwanzo, kabla sijamwambia mtu kwamba nina mimba.

Nisaini? Naweza kuomba mapumziko haya bila kugusa likizo ya uzazi, au nitaonekana mjanja? Na nikikataa fomu, wakiniambia nirudi ghalani?

Karani wa ghala

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na kondo, kwa sababu nahisi ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata fomu.

Kondo la nyuma halishuki kwa sababu mama amebeba katoni. Linakaa pale lilipojishikiza mimba ikiwa changa kabisa, na likijishikiza chini ya mfuko wa uzazi, hakuna ulichofanya ghalani kilicholivuta huko. Nilifanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua hizi, na karibu kila mama mwenye shida hii aliniuliza swali lako: "Nilifanya nini?" Damu yako inatoka kwa sababu mimba inapokua, sehemu ya chini ya kizazi inatanuka na kuwa nyembamba, na kondo lililoshikamana hapo linabanduka kidogo pembeni. Ndiyo maana ilikuja bila maumivu. Kubeba mizigo kuanzia sasa ni habari nyingine, na daktari ana haki ya kukukataza. Lakini anakulinda kwa yanayokuja, hakuhukumu kwa yaliyopita.

Sasa tuje kwenye neno ambalo barua yako yote imelibeba: "kitandani". Ulimuuliza daktari lina maana gani kwako?

Nauliza kwa sababu ninakumbuka tulivyokuwa tukiwalaza akina mama wodini wiki baada ya wiki, tukiwaletea hadi beseni la kunawia, tukiamini kwamba mama akilala tuli mtoto atabaki tumboni. Madaktari wengi wameacha hayo. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2011 kwamba mjamzito mwenye shinikizo la damu asiagizwe kulala kitandani muda wote kwa kutarajia matokeo bora ya mimba. Hata kwa matatizo mengine, haijathibitishwa kwamba kulala kutwa kucha humzuia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Madhara yake, kwa upande mwingine, tunayajua vizuri. Damu ya mjamzito huganda kwa urahisi kuliko ya watu wengine, na miguu isiyotembea ndiyo mahali inapopenda kuganda. Misuli hulegea. Na mama mwenye hofu, akibaki peke yake anaangalia dari kutoka asubuhi hadi jioni, hofu humzidi.

Sisemi daktari wako amekosea. Yeye ameiona picha, mimi sijaiona, na mama aliyetokwa damu mara mbili ana sababu ya kutosha ya kutoka ghalani. Ninachosema ni kwamba madaktari wengi huandika "kitandani" kama mkato. Wanachomaanisha ni kwamba mama asinyanyue kitu kizito, asisimame saa nyingi, asipande ngazi, asifanye tendo la ndoa kwa sasa, na asiwe mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Kutembea kutoka chumbani hadi sebuleni, kuoga mwenyewe, kukaa mezani na kula, mara nyingi havimo katika makatazo. Kama kwako vimo, ni vizuri ukasikia hivyo kutoka kwake na ukajua kwa nini. Na kama ndivyo, muulize pia utafanya nini ili damu isigande miguuni.

Huenda unajiuliza yote haya yanahusianaje na fomu ya Ijumaa. Yanahusiana sana, kwa sababu barua ya daktari ndiyo itakayokusemea kazini, na hiyo uliyonayo haijui kusema.

Nilipokuwa kliniki alinijia mama mmoja na barua iliyokataliwa. Ilikuwa nusu ukurasa, mhuri umegongwa juu ya tarehe hadi haisomeki, na maneno yake ni matatu tu: "Apumzike, ana mimba." Ofisi yake iliuliza apumzike siku ngapi, asifanye nini, na ataonwa tena lini. Hakuna aliyeweza kujibu. Akarudishwa kazini. Wiki mbili baadaye daktari yuleyule akaandika upya, safari hii ukurasa mzima, na ofisi ileile ikakubali siku hiyohiyo. Ugonjwa ulikuwa uleule, barua ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo rudi kwa daktari kabla ya Ijumaa ikiwezekana, na umwombe barua inayosema mambo haya. Kwanza, mimba ina wiki ngapi na tarehe ya kujifungua inayotarajiwa. Pili, kwamba una tatizo linalotokana na ujauzito. Uzito wa maneno hayo upo kwenye "linalotokana na ujauzito", kwa kuwa sheria za sehemu nyingi hazichukulii kutokuwapo kazini kwa sababu hiyo sawa na homa ya kawaida. Si lazima ataje kondo wala damu kama hutaki wenzako wajue, ingawa baadhi ya waajiri hudai jina la ugonjwa, na hapo unaweza kuomba lisomwe na afisa utumishi peke yake. Tatu, kazi usizoweza kufanya, kwa maneno ya ghalani kwenu: kusimama muda mrefu, kunyanyua, kupanda ngazi za rafu. Nne, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuishia, na tarehe ya kuonwa tena. Halafu jina la daktari, saini, na mhuri unaosomeka.

Kuhusu tarehe ya kuishia, nakuomba usikimbilie "mpaka ajifungue". Kwa hali kama yako, picha hurudiwa karibu na wiki ya 32, na kama kondo bado liko chini hurudiwa tena karibu na wiki ya 36. Kizazi kinapotanuka, kondo huweza kuonekana limepanda. Lililofunika mlango kabisa lina nafasi ndogo ya kupanda kuliko lile lililogusa ukingo tu, lakini nafasi ipo. Kwa hiyo barua ya wiki 4, kutoka 28 hadi 32, inasema ukweli wa kitabibu, na mwajiri huimeza kwa urahisi kuliko ombi la miezi bila kikomo. Hatari yake ni moja, nayo nimeiona ikiwaumiza watu: cheti cha kwanza kinaisha Jumatano, miadi ya daktari ni Ijumaa, na siku iliyo katikati inaandikwa kwamba hukufika kazini. Panga miadi ya wiki ya 32 siku kadhaa kabla cheti hakijaisha, ili cha pili kianze pale cha kwanza kinapokomea.

Sasa fomu. Sidhani afisa utumishi ana nia mbaya. Amekupa njia iliyo rahisi kwake, na hata kwako leo inaonekana rahisi, kwa kuwa utatoka ghalani Ijumaa hiyohiyo na mshahara kamili. Ila chukua kalenda uhesabu. Likizo ya wiki 14 ikianza leo, mimba ikiwa na wiki 28, na upasuaji ukafanyika wiki ya 37, wiki 9 zitakuwa zimekwisha kabla hujamshika mtoto. Zitabaki 5. Kidonda cha upasuaji kwa kawaida hupewa kama wiki 6 kabla mama hajarudia kubeba vitu vizito, na wewe kazi yako ni ghala. Utarudi ukiwa bado hujaruhusiwa kubeba, mtoto ana wiki 5, na itabidi uanze tena kuomba barua.

Hesabu njia ya pili. Kutoka wiki ya 28 hadi ya 36 uwe kwenye likizo ya ugonjwa, kisha likizo ya uzazi ianze wiki ya 36 kama ulivyoomba mwanzo. Upasuaji wiki ya 37. Wiki 1 imetumika, na 13 unazo na mwanao. Tofauti ya njia hizi mbili ni wiki 8.

Kuna hesabu ya tatu ambayo sipendi kukuwekea mezani, lakini ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia. Damu ikija nyingi wiki ya 32, mtoto anaweza kutolewa siku hiyo. Mtoto wa umri huo mara nyingi huhitaji kukaa wodi ya watoto wachanga wiki kadhaa. Kama likizo yako ya uzazi ilianza wiki ya 28, zitakuwa zimebaki 10, na sehemu yake utaimalizia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake cha joto. Kama ulikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, kwa kawaida likizo ya uzazi huanza siku ya kujifungua, nawe unazo zote 14.

Umeuliza kama utaonekana mjanja. Msimamizi wako amesema mimba si ugonjwa, na katika hilo nakubaliana naye. Lakini kutokwa damu si mimba, ni tatizo la mimba, na watu waliotunga kanuni za kazi walikwisha kuona tofauti hiyo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000, unaohusu ulinzi wa uzazi, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 katika ibara ya 4. Kisha, katika ibara ya 5 ambayo ni tofauti, unasema mwanamke akileta cheti cha daktari apewe likizo kabla au baada ya muda wa likizo ya uzazi, kukiwa na ugonjwa, matatizo, au hatari ya matatizo yanayotokana na ujauzito au kujifungua. Ni "kabla au baada", yaani nje ya zile wiki 14. Si nchi zote zilizouridhia, na urefu wa likizo hiyo pamoja na malipo yake umeachiwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo usiende ofisini ukiupunga kama fimbo. Nimeutaja ili ujue kwamba unachokiomba kina jina lake na mahali pake, hukukibuni kitandani.

Kabla ya kuomba, fungua mkataba wako wa kazi na kanuni za utumishi utafute mambo matatu. La kwanza ni siku ngapi za likizo ya ugonjwa unazo kwa mwaka, na ngapi kati ya hizo zina mshahara kamili. La pili ni kama zinahesabiwa siku za kazi au siku zote za kalenda. Hapo watu hupotea sana: wiki 8 ni siku 56 za kalenda, lakini kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki ni siku 40 za kazi. Tuseme mkataba unakupa siku 30 za kazi zenye mshahara kamili, kisha nusu mshahara. Wiki 6 za mwanzo utalipwa kamili na 2 za mwisho utalipwa nusu. Na zile siku 3 ulizolazwa zinaweza kuwa zimekwisha kukatwa humo, kwa hiyo uliza. La tatu ni kama kuna kifungu kinachogeuza likizo ya ugonjwa kuwa ya uzazi siku ya kujifungua inapokaribia. Uingereza, kwa mfano, mama asiyefika kazini kwa ugonjwa unaotokana na ujauzito ndani ya wiki 4 za mwisho kabla ya tarehe aliyotarajiwa, likizo yake ya uzazi huanza yenyewe. Wewe ulishaomba wiki ya 36, kwa hiyo kifungu cha namna hiyo huenda kisikuguse, ila ukijue.

Ukishapata barua mpya, andika ombi lako fupi. Usilitume kwa mdomo wala kwa ujumbe wa simu peke yake. Ningeandika hivi:

"Naomba likizo ya ugonjwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa sababu ya tatizo linalotokana na ujauzito, kama daktari alivyoeleza katika barua niliyoambatanisha. Nitaonwa tena tarehe fulani na nitaleta taarifa kabla cheti hiki hakijaisha. Ombi langu la likizo ya uzazi kuanzia wiki ya 36 linabaki kama lilivyo. Kwa sababu hiyo narudisha fomu niliyopewa bila kuijaza. Nimeandaa orodha ya kazi za ghala za kumkabidhi mwenzangu. Naomba jibu kwa maandishi."

Sentensi inayosema ombi la likizo ya uzazi linabaki kama lilivyo usiiache. Bila hiyo, mtu mwenye haraka anaweza kukuandika kwenye likizo ya uzazi kuanzia siku uliyoondoka, na ukaja kugundua mtoto akiwa amezaliwa. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, au tuma kwa barua pepe ili tarehe ijulikane. Na hiyo orodha ya makabidhiano iandike kweli: funguo ziko wapi, daftari la kupokea mzigo limefika ukurasa gani, mzigo gani unatarajiwa wiki ijayo. Msimamizi anayeona kazi yake haitalala ana sababu moja pungufu ya kukukatalia.

Ipo pia njia ya katikati, kubaki kazini kwa kazi nyepesi: kuketi, kuingiza hesabu za ghala kwenye kompyuta, pengine ukiwa nyumbani. Mshahara haukatiki na siku zako za ugonjwa hazitumiki. Wapo akina mama waliopendezwa nayo kwa sababu kazi iliwaondoa mawazo. Ila kwa mtu aliyekwisha kutokwa damu mara mbili nina wasiwasi nayo. Kazi nyepesi ya ofisini huwa nzito taratibu. Jumatatu unaingiza hesabu, Alhamisi gari limekuja na mwenzako anakuita ushuke umwonyeshe rafu. Tena kama ofisi iko mbali na hospitali, safari yenyewe ni hatari. Ukiifikiria njia hii, muulize daktari kwanza, naye aandike saa ngapi unaweza kuketi na wapi. Usichanganye mambo mawili: ukiwa kwenye likizo ya ugonjwa usikubali kufanya kazi "kidogo tu" kwa simu, kwa sababu siku likizo hiyo itakapohojiwa, kazi hiyo itakuwa ushahidi kwamba ungeweza kufanya kazi.

Mume wako anataka uache kazi, nami nasikia mapenzi ndani ya neno lake. Ameogopa, na hicho ndicho anachoona mkononi mwake cha kutoa. Mweleze tu kinachoondoka na barua ya kuacha kazi: mshahara wa wiki 14 za uzazi, haki ya kurudi kwenye nafasi yako, na kama bima yako ya afya inalipwa kupitia mwajiri, huenda nayo ikaondoka wiki chache kabla ya upasuaji. Ikiwa mtaamua hivyo mkiwa mmeyatazama yote, ni uamuzi wenu na sitaubeza. Ninachoona ni kwamba kuacha kazi ni mlango unaoweza kuufungua wakati wowote, ila ukishatoka hurudi kirahisi. Mpe kazi nyingine inayohitaji mtu wa kweli: ajue njia ya haraka ya kwenda hospitali usiku, gari litakalowabeba, na nani wa kundi lako la damu anaweza kuja kuchangia.

Wakikuambia urudi ghalani, usirudi kwa kuogopa na usigombane pale mlangoni. Waombe waandike kwamba wameiona barua ya daktari na wanakutaka kwenye kazi alizozikataza. Wengi husita kuliandika hilo. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi wako. Kama hakuna, ofisi ya serikali inayosimamia kazi inasikiliza malalamiko ya namna hii, na sheria za sehemu nyingi zinamkataza mwajiri kumfukuza mwanamke kwa sababu ya ujauzito. Njia hii ina gharama yake. Inachosha, inaweza kuwachafulia uhusiano mtakaporudiana, na una mwili wa kuutunza kwa sasa. Unaweza kumkabidhi mumeo au ndugu akufuatilie kwa niaba yako, ukiwa umemwandikia idhini.

Na unaweza pia kutazama hesabu zote hizi ukaamua kusaini. Kama siku za ugonjwa ulizonazo ni chache sana na nyumba haiwezi kubeba wiki bila mshahara, kuanza likizo ya uzazi mapema si ujinga. Katika hali hiyo uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi: je, inaweza kuanza wiki ya 32 badala ya 28? Je, likizo yako ya mwaka inaweza kuunganishwa mwishoni? Je, mtoto akizaliwa kabla ya wakati kuna wiki za kuongezwa? Majibu yaandikwe kwenye fomu yenyewe.

Jambo moja halingoji Ijumaa. Damu ikitoka tena, hata kidogo, hata ikikatika yenyewe, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hivyo hivyo ukisikia tumbo linakaza na kuachia. Beba ripoti ya ultrasaundi ndani ya mkoba wako kila unapotoka, na ukifika mahali wasipokujua, sema neno la kwanza kabisa: "Kondo langu limefunika mlango wa kizazi." Mama mwenye hali hiyo hapimwi njia kwa vidole, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kuleta damu nyingi. Wakunga tunalijua hilo, lakini usiku wenye wagonjwa wengi ni vizuri likatoka mdomoni mwako mapema.

Picha ya wiki ya 32 ikishapigwa, muulize daktari ukingo wa kondo uko umbali gani na mlango wa kizazi. Ukivuka sentimita 2, mazungumzo ya upasuaji yanaweza kubadilika, na pengine hata ya kazi. Niandikie uniambie namba waliyoisoma, nami nitakaa na kalenda yangu tuhesabu upya.